Ndege ya karatasi au ndege wa karatasi? Namna hashtagi zinavyoutambulisha mtandao kwa video yako

*"Nimepandisha video fupi ya kukunja ndege ya karatasi, nikabandika hashtagi kumi na tano, lakini inawafikia watu wasiohusika kabisa. Hashtagi zinachaguliwaje ili mtandao uelewe video inahusu nini?"*

Bila hata kuziona zote kumi na tano, naweza kubahatisha iliyotangulia: #ndege. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo halina shida, kwa sababu ngeli inatusaidia. Ukisikia "ndege ya karatasi" unajua ni eropleni. Ukisikia "ndege wa karatasi" unamwona korongo aliyekunjwa kwa ustadi, shingo juu. Herufi moja imemaliza kazi. Lakini ukikata neno na kuliacha peke yake mbele ya alama ya reli, ngeli inabaki nje. Fungua #ndege kwenye mtandao wowote uone kilichomo: tai anakamata samaki, kasuku anaiga sauti ya mwenyewe, eropleni inatua kwenye upepo mkali, mtu anatangaza tiketi. Mimi nilishawahi kuitumia kwenye video ya mchezo wa watoto, na swali la kwanza nililopata chini yake lilikuwa la nauli.

Video mpya haina historia. Hakuna aliyeitazama, kwa hiyo mfumo hauna budi kukisia ni ya nani. Unakusanya ushahidi: maneno ya maelezo, maandishi yaliyoandikwa juu ya picha, sauti, vitu vinavyoonekana, na hashtagi. TikTok ilipoeleza mwezi Juni 2020 jinsi inavyopendekeza video, ilizitaja hashtagi pamoja na maelezo na sauti katika kundi moja la taarifa za video. Ni shahidi mmoja kati ya wengi. Mikono ikikunja karatasi kwenye picha, sauti ikisema "kunja hapa", na hashtagi nayo ikisema ndege ya karatasi, ushahidi unaelekea upande mmoja. Hashtagi ikisema jambo jingine, umeleta shahidi anayewapinga wenzake.

Na kwa video ya Kiswahili, maandishi yana uzito wa ziada. Mitambo ya kutambua usemi imefunzwa kwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, hivyo usitegemee kwamba ulichokisema mdomoni kimesikika sawasawa. Kiandike.

Baada ya kukisia, mfumo unawaonyesha watu kidogo na kuangalia wanafanya nini. Katika maelezo hayohayo ya 2020, TikTok ilisema kwamba mtu kutazama video ndefu kidogo hadi mwisho ni ishara nzito, kuliko, kwa mfano, mtazamaji na mwenye video kuwa nchi moja. Sasa mchukue mpenzi wa tai aliyeletewa video yako. Anaona karatasi, anasukuma kidole juu, amekwenda. Hana kosa lolote, wala video haina ubaya, ila kilichoandikwa kwenye kumbukumbu ni kwamba imepitwa upesi. Ndiyo maana hashtagi isiyo yako haikuongezei watazamaji. Inakutumia watu watakaokupa alama mbaya.

Kwa sababu hiyo pia sina imani na #fyp, ile ya kuomba video iingie kwenye ukurasa wa mapendekezo wa TikTok, na ndugu zake. Haidanganyi, lakini haisemi chochote kuhusu mada. Ni kama kuandika "tafadhali ipelekeni" juu ya bahasha isiyo na anwani.

Tuichukue hiyo video yako na kuifanyia kazi. Tuseme ina sekunde 40: mikono miwili, karatasi nyeupe, mikunjo sita, kisha ndege inarushwa na kuvuka chumba. Kabla ya kugusa alama ya reli, andika sentensi moja ambayo mtu angeitamka akiwa anaitafuta video hiyo: "Jinsi ya kukunja ndege ya karatasi inayoruka mbali." Sentensi hiyo iende kwenye kichwa au maelezo kama ilivyo, na nafasi zake kati ya maneno. Watu wengi siku hizi huandika swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia, na hakuna anayeandika #jinsiyakukunjandegeyakaratasiinayorukambali. Nimeona hashtagi za urefu huo. Ni sentensi zilizonyimwa pumzi tu.

Kisha toa ndani ya sentensi hiyo kitu chenyewe kwa jina lake kamili: #ndegeyakaratasi. Hii ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayobeba mzigo. Ya pili iwe jina la familia yake, yaani #origami, sanaa ya kukunja karatasi. Ya tatu, ukitaka, ni ukoo mpana zaidi, #kazizamikono. Humo utakutana na wafumaji na wachongaji, kwa hiyo ni dhaifu, lakini mtu anayependa kutazama mikono ikitengeneza kitu hataudhika akiona karatasi inakunjwa. Hapo ningesimama.

Zilizobaki zinaanguka zenyewe. #karatasi inakupeleka kwenye vifaa vya ofisi. #watoto inavuta wazazi wanaouliza kuhusu homa na chanjo. #ndege tumeshaizungumzia. Kila neno kati ya hayo limo kweli ndani ya video yako, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaorodhesha vilivyomo badala ya kutaja inahusu nini.

Na #paperplane je? Hapa sina jibu moja. Kama video ina muziki tu na mikono, mtu wa lugha yoyote ataifuata mpaka mwisho, iweke bila wasiwasi. Kama unaeleza kila mkunjo kwa Kiswahili na maelezo hayo ndiyo uzima wa video, mgeni atakaa sekunde mbili na kuondoka, na tumeshaona kuondoka kwake kunahesabiwaje.

Ukiwa na shaka na hashtagi yoyote, iguse na utazame video kumi na mbili za mwanzo zinazotokea. Usianze na idadi ya machapisho, hiyo huwavutia watu bure. Jiulize kama yako ingekaa katikati ya hizo kumi na mbili bila kushangaza mtu. Ikionekana kama mgeni aliyekosea harusi, iache. Ukikuta ukurasa karibu mtupu, si kosa. Maneno bado yanasomwa na mfumo, ila usitarajie wageni kupitia mlango huo. Fanya jaribio hilo pia kwa #ndegezakaratasi, kwa wingi. Kwetu ni kitu kilekile, lakini ukurasa wa hashtagi hukusanya zilizofanana herufi kwa herufi, kwa hiyo umoja na wingi ni kurasa mbili. Chagua yenye watu.

Kuna mitego ya uandishi inayotupata sisi hasa. Nafasi inakata hashtagi: ukiandika #ndege ya karatasi, kilichosajiliwa ni #ndege peke yake, na umerudi kwa tai. Kibaya zaidi ni ile alama ya juu ya ng'. Andika #ng'ombe na mitandao mingi itasoma #ng, halafu "ombe" inabaki ikining'inia kama neno la kawaida. Wenye video za mifugo huandika #ngombe na maisha yanaendelea. Kujua kama imekatwa ni rahisi: baada ya kuchapisha, angalia rangi. Sehemu iliyobadilika rangi na kugusika ndiyo hashtagi, mengine ni maandishi matupu. Herufi kubwa hazibadilishi chochote kwa mfumo, #NdegeYaKaratasi na #ndegeyakaratasi ni moja, lakini ya kwanza ni bora kwa asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, kwa kuwa humtenganishia maneno.

YouTube ina kitu kingine kinachochanganywa na hashtagi, nacho ni lebo: kisanduku kwenye YouTube Studio ambacho mtazamaji hakioni, chenye nafasi ya herufi 500. Watu hukijaza hadi pomoni. YouTube wenyewe wanasema mchango wake katika kupatikana kwa video ni mdogo, na kwamba kinafaa zaidi pale ambapo maneno ya mada huandikwa vibaya mara kwa mara. Kwetu hilo ni dhahabu kidogo. Wapo wanaoandika "kalatasi", na wapo wanaoandika "ndege wa karatasi" wakimaanisha eropleni. Makosa hayo yaweke humo kwenye lebo, yasionekane, badala ya kuchafua maelezo. Hashtagi nazo kwa YouTube zina ukomo: zikizidi 60 katika video moja, zote hupuuzwa. Kumi na tano zako hazikufika huko, lakini zinazoonyeshwa karibu na kichwa hazizidi tatu.

Utajuaje kama umepatia? Katika takwimu za YouTube Studio tazama sehemu ya vyanzo vya watazamaji. Humo kuna waliotoka kwenye utafutaji, pamoja na maneno waliyoandika, na kuna waliotoka kwenye kurasa za hashtagi. Ukiona maneno kama "kukunja karatasi" au "kutengeneza ndege ya karatasi", mfumo umekuelewa. Ukiona "bei ya tiketi", hujaeleweka. Kwa video fupi kuna pia mgawanyo wa waliobaki kutazama na waliopitisha kidole. Wakipita wengi, usizilaumu hashtagi peke yake: kama sekunde tatu za mwanzo ni wewe ukisafisha meza, hata mkunjaji karatasi sugu atapita. Tazama vyote viwili pamoja. Utafutaji sahihi na wapitaji wengi maana yake anwani ni nzuri, tatizo ni mlango.

Kwa video iliyokwisha kupanda, nenda ukahariri maelezo pale mtandao unaporuhusu: weka ile sentensi, bakiza tatu, futa kumi na mbili. Waliopita siku ya kwanza hawatarudi, na mara nyingi msukumo ule wa mwanzo nao haurudi. Utafutaji ndio utakaonufaika, polepole. Usiifute na kuipandisha upya kila saa kwa hashtagi tofauti. Kunja ndege nyingine, yenye mabawa mapana safari hii, na uandike #ndegeyakaratasi kabla ya kubonyeza chapisha.