Ngeu ndogo, damu nyingi: maswali kuhusu matabaka ya ngozi ya kichwa

Kazi yangu ni upasuaji, na majeraha mengi ninayoshona usiku ni ya kichwani: ajali za bodaboda, kona ya mlango wa kabati, tofali lililomponyoka fundi juu ya jukwaa. Mara nyingi aliyemleta majeruhi ndiye anayetetemeka zaidi, kwa sababu shati lake lote limelowa. Hapa najibu maswali ninayoulizwa mara kwa mara na ndugu wa wagonjwa, pamoja na mengine ya wanafunzi wa uuguzi.

Dokta, kidonda chenyewe kidogo tu. Damu yote hii inatoka wapi?

Weka vidole utosini, bonyeza, kisha sukuma ngozi mbele na nyuma. Inateleza juu ya mfupa kama kofia. Kinachoteleza ni matabaka matatu yaliyoshikamana na kwenda pamoja. La kwanza ni ngozi yenyewe, nene, iliyojaa mashina ya nywele. La pili ni mafuta yaliyogawanywa vijumba vijumba na nyuzi ngumu zinazoshuka kutoka kwenye ngozi. La tatu ni utando mweupe, mgumu, unaoitwa galea. Umetandazwa kati ya msuli wa paji la uso na msuli wa kisogo. Chini yake kuna tabaka la nne, tishu legevu inayoruhusu huko kuteleza, na la tano ni utando mwembamba ulioganda kwenye mfupa wa fuvu.

Mishipa mikuu ya damu ya ngozi ya kichwa imo katika tabaka la pili, na hapo ndipo penye jibu. Mshipa ukikatwa mkononi au pajani hujivuta ndani ya nyama, ukuta wake ukajibana, mdomo ukawa mdogo na damu ikapata nafasi ya kuganda. Kichwani zile nyuzi ngumu zimeushika ukuta wa mshipa pande zote. Mshipa unataka kujibana lakini umefungwa, basi mdomo unabaki wazi na damu inaendelea kuruka.

Kisha mishipa yenyewe ni mingi na imeungana. Kila upande wa kichwa hupokea ateri tano: mbili hupanda kwenye paji la uso zikitokea tundu la jicho, moja hupita mbele ya sikio, moja nyuma yake, na moja kisogoni. Zote hupanda kuelekea utosini, zikaungana zenyewe kwa zenyewe na kuvuka hata mstari wa katikati kukutana na zile za upande wa pili. Kwa hiyo jeraha hutoka damu kwenye kingo zote mbili. Ukiziba upande mmoja, damu huzunguka na kuja kwa njia nyingine.

Utajiri huo una faida yake. Kipande cha ngozi ya kichwa kilichochanika na kuning'inia kwa upande mmoja mara nyingi hupona kikirudishwa mahali pake. Msikikate wala msikitupe.

Mtu anaweza kufa kwa damu ya kichwani tu, bila fuvu kuvunjika?

Anaweza. Wahudumu wengi hawaamini hili hadi walione.

Nitaeleza kisa kimoja kwa hatua zake. Mama wa makamo, abiria wa bodaboda asiye na kofia ngumu, aliletwa akiwa amefungwa kanga tatu kichwani, moja juu ya nyingine. Alikuwa akijibu maswali vizuri, lakini viganja vilikuwa baridi, mapigo ya moyo 124 kwa dakika na presha 85 kwa 50. Kijana aliyempokea alidhani damu imevia ndani ya ubongo. Nikamwambia afikiri upya: kwa mtu mzima, fuvu halina nafasi ya kumeza damu ya kutosha kushusha presha namna hiyo. Mtu mzima aliyeumia kichwa akiwa na presha ya chini, itafute damu kwingine: tumboni, kifuani, kwenye nyonga, au kwenye hizo kanga. Tulimpima tumbo na kifua kwa ultrasaundi, hapakuwa na kitu.

Kanga tukazivua zote. Kurundika nguo ndilo kosa ninaloliona zaidi, maana kitambaa hunywa damu na kuificha bila kuizuia. Muuguzi alikandamiza kingo za jeraha kwa vidole dhidi ya mfupa, na mfululizo ule wa damu ukapungua papo hapo. Fuvu lenyewe ndilo meza ya kukandamizia.

Jeraha lilikuwa na urefu wa sentimita 7, limepita utosini kutoka upande wa sikio moja kuelekea la pili, na lilikuwa limeachama kiasi cha upana wa vidole viwili. Kuachama huko kunatoa habari. Maana yake galea imekatika kwa upana, na sasa msuli wa paji unavuta kingo moja mbele, wa kisogo unavuta nyingine nyuma. Jeraha ambalo kingo zake zimelala pamoja kwa kawaida halijaipita galea. Na lile linalotoka mbele kwenda nyuma huachama kidogo, hata kama ni refu, kwa kuwa linafuata mwelekeo wa mvuto.

Ganzi tuliyotumia ni lidokeini iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hufanya mishipa ijibane. Sindano huingizwa kwenye kingo za jeraha, katika tabaka la pili. Wanafunzi, angalieni kidole gumba chenu: kama bomba linasukumika kwa shida, mko mahali sahihi, maana zile nyuzi haziachi nafasi. Likisukumika kwa ulaini wa ghafla, mmeshapita galea na dawa inamwagikia tabaka la nne, ambako haina faida kubwa kwenu. Subirini dakika tano au zaidi kabla ya kushona.

Baada ya kuosha kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, niliingiza kidole chenye glovu na kupapasa mfupa. Ulikuwa laini, hauna ngazi wala hauchezi. Hapa pana mtego: ukingo wa galea iliyochanika hushikika kama ufa wa fuvu, na mara nyingine kinyume chake, ufa wa kweli hudhaniwa kuwa utando. Vuta kingo, futa damu, angalia kwa macho. Ukibaki na shaka, peleka mgonjwa apigwe picha ya sitiskani.

Sikutafuta mshipa mmoja mmoja wa kufunga. Ni kupoteza damu na muda, kwa sababu midomo imezama ndani ya zile nyuzi na koleo haishiki. Nilitumia uzi wa nailoni namba 2-0, sindano ikipita ngozi na galea kwa pamoja, kisha nikakaza fundo. Mshono wenyewe ndio unaobana mishipa. Damu ilikatika kabla hatujafika katikati ya jeraha. Kama hali ni mbaya zaidi, msaidizi anaweza kushika ukingo wa galea kwa koleo kadhaa na kuukunja nje juu ya ngozi. Mkunjo huo huibana mishipa huku mnajipanga.

Dripu ilipopandisha presha kufika 110, tulikaa tukiangalia jeraha kabla ya kulifunga bandeji. Presha ya chini hupunguza kutoka damu, na ikirudi juu, mahali paliposhonwa kwa ulegevu patajitangaza. Wingi wa damu wa mama yule ulipimwa 11.8 alipofika, na kesho yake asubuhi 8.1. Kile kipimo cha kwanza hakikuwa na kosa. Mtu anayemwaga damu hupoteza chembe na maji kwa pamoja, hivyo namba haishuki mpaka maji yajazwe upya. Msifarijiwe na kipimo cha mapokezi.

Kwa mtoto hesabu ni kali zaidi. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu mwilini mwake mwote. Kikombe kimoja cha chai kwake ni jambo zito.

Nifanye nini nikiwa nyumbani?

Kitambaa kimoja safi, kiganja juu yake, kandamiza kwa nguvu dhidi ya mfupa kwa dakika 10 hadi 15 bila kufunua kuchungulia. Mgonjwa akae au alale kichwa kikiwa juu kidogo, isipokuwa kama anaonekana kuzimia, hapo alale bila kuinuliwa kichwa. Ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, usikandamize hapo katikati. Bana kingo za pembeni na mwahishe hospitali. Majivu, kahawa ya unga na mafuta ya taa viacheni. Havizuii damu hiyo, na mimi ndiye nitakayevikwangua baadaye.

Alipigwa utosini. Kwa nini siku ya pili jicho limevimba na kuwa jeusi?

Hili ni tabaka la nne. Damu iliyoingia chini ya galea hukuta nafasi legevu inayoenea kichwa kizima. Nyuma galea imeshikwa kwenye mfupa wa kisogo, pembeni imeshikwa juu ya masikio, kwa hiyo huko damu haipiti. Mbele hakuna kizuizi: msuli wa paji la uso umeshikwa kwenye ngozi ya nyusi, si kwenye mfupa. Damu hushuka polepole hadi kwenye kope. Ikiwa jeraha lilionekana wazi juu na jicho likawa jeusi baadaye, mara nyingi ni safari hiyo tu. Ila macho yote mawili yakiwa meusi bila jeraha juu, au maji maangavu yakitoka puani au sikioni, au pakawa na weusi nyuma ya sikio, shuku kuvunjika kwa sakafu ya fuvu.

Usaha nao hufuata njia ile ile. Tabaka la nne lina vena ndogo zinazotoboa fuvu na kuungana na vena za ndani, na damu inaweza kupita humo pande zote mbili. Ndiyo maana jeraha la kina huoshwa kabla ya kushonwa, hata likiwa limeacha kutoka damu, na chanjo ya pepopunda huulizwa.

Mtoto aliyezaliwa kwa kuvutwa na mashine ana uvimbe kichwani. Tusubiri?

Inategemea uvimbe upo tabaka gani. Damu iliyo chini ya tabaka la tano hukomea kwenye viungo vya mifupa ya fuvu, hivyo uvimbe hukaa juu ya mfupa mmoja na kwa kawaida huisha wenyewe kwa wiki kadhaa. Iliyo katika tabaka la nne haina mpaka huo. Uvimbe huvuka viungo, hubonyea na kutikisika ukiguswa, husogea kuelekea masikio na shingo, na mzunguko wa kichwa huongezeka kila ukipima. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu, na nafasi hiyo inaweza kuimeza sehemu kubwa yake. Akiwa mweupe, anapumua haraka au hanyonyi, hiyo ni dharura ya kuongezewa damu. Wakunga, pimeni kichwa kwa utepe mara kwa mara katika saa za mwanzo, msikitazame kwa macho tu.

Na nyuzi zinatolewa lini?

Siku ya 7 hadi ya 10. Nywele zinaweza kuoshwa taratibu kuanzia siku ya pili au ya tatu. Damu iliyokauka kwenye mshono huwasha kuliko mshono wenyewe.