Je, wajua kwa nini presha ya mzee hupanda upande mmoja tu?

"Mama ana miaka 74. Kaka katuma picha ya mashine kwenye grupu la familia: SYS 168, DIA 72, PULSE 64. Ya juu imepanda, ya chini iko sawa. Sasa ana presha au hana?"

Kwa umri huo, namba ya juu ndiyo ya kutazamwa zaidi, na 168 ni kubwa. Hiyo 72 isiwatulize.

SYS ni msukumo wa damu moyo unapojikamua, DIA ni ule unaobaki moyo unapopumzika. PULSE ni mapigo kwa dakika, na 64 haina shida. Mshipa mkuu wa kijana hunyumbuka: hutanuka kuipokea damu, kisha hujirudi polepole na kuendelea kuisukuma moyo ukiwa umetulia. Uzeeni hukakamaa kama mpira wa maji ulioanikwa juani miaka mingi. Damu ikiingia msukumo hupaa, ikipita hushuka upesi. Ndiyo maana namba za mama zimeachana kwa 96, wakati mtu mwenye 120 kwa 80 huachana kwa 40 tu.

Lakini itazameni tena ile picha. Mkanda umefungwa juu ya mkono wa gauni, na mkono wenyewe umelala mapajani. Mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka kama 8 hivi. Kuongea huku mashine inajaza upepo nako hupandisha. Kwa hiyo 168 huenda imezidishwa kidogo, ingawa sidhani yote ni makosa ya mkao.

Pimeni upya. Mama akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, mkanda kwenye ngozi. Mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, kwa siku 7. Vya siku ya kwanza viacheni, vilivyobaki tafuteni wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa presha, hata ikiwa ni namba moja tu iliyovuka. Lakini akipata maumivu ya kifua, mdomo kupinda, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kuongea, msisubiri wastani. Hospitali saa hiyo hiyo, mashine iseme lolote.

Kipo kipimo kingine ambacho wengi hukiruka: mpimeni amekaa, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3, mtu akiwa karibu wa kumshika. Kama namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, tuseme kutoka 158 hadi 130, mwambieni daktari kabla hajaongeza dawa. Mzee wa namna hiyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni.