Dirisha linalosema VCRUNTIME140.dll haipatikani: namna ya kulisoma katika picha na mpangilio wa kulitatua

Katika kitengo chetu cha huduma ya kompyuta hapa Bukavu, picha za makosa hutufikia kwa WhatsApp karibu kila siku, na nyingi zina ujumbe mfupi chini yake: «Programu imekataa kufunguka, tufanye nini?» Kati ya madirisha tunayotumiwa, moja linarudi mara nyingi kuliko mengine, na ndilo nitakalolieleza hapa, kwa sababu maneno yake yanatosha kabisa kuonyesha chanzo, ila ushauri ulioandikwa ndani yake huwapeleka watu njia ndefu.

Mwenye duka la dawa katika wilaya ya Kadutu alitutumia picha aliyoipiga kwa simu mbele ya skrini. Alikuwa amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na kijana mmoja wa jirani akamwekea programu yake ya hesabu ya dawa. Katika picha palionekana dirisha dogo lenye alama nyekundu, kitufe cha OK, na maneno haya:

```
Stock.exe - System Error

The code execution cannot proceed because
VCRUNTIME140.dll was not found. Reinstalling
the program may fix this problem.
```

Wengi wetu tunatumia Windows ya Kifaransa, ambako mwishoni mwa sentensi husomeka neno `introuvable`, lakini jina la faili halitafsiriwi, na ndilo tunalolihitaji.

Usomaji unaanzia juu, kwenye kichwa cha dirisha. Hapo pana mambo mawili: jina la programu iliyoitwa, yaani `Stock.exe`, na maneno `System Error`. Maneno hayo yanaonyesha kwamba anayezungumza ni Windows yenyewe. Programu ya dawa haijaanza kufanya kazi hata kidogo. Windows ilipokuwa inaitayarisha, ilitafuta faili zote ambazo programu hiyo imetangaza kwamba inazihitaji, ikakosa moja, ikasimama. Kwa hiyo mtu anayehofia kwamba hesabu za dawa zimeharibika anaweza kutulia, kwa kuwa faili ya hesabu haijaguswa bado.

Kinachofuata ni jina la faili, nalo lisomwe herufi kwa herufi. Waandishi wa programu wanaotumia lugha ya C++ na zana za Microsoft hawaandiki upya kazi za msingi kila mara. Wanazichukua kutoka katika maktaba ya pamoja ambayo inapaswa kuwepo ndani ya kompyuta ya mtumiaji. `VCRUNTIME140.dll` ni sehemu ya maktaba hiyo, na namba 140 inaonyesha toleo la 14.0, lile lililoanza na Visual Studio 2015 na kuendelea kutumika katika matoleo ya 2017, 2019 na 2022. Kama picha ingeonyesha `MSVCR120.dll`, tungetafuta maktaba ya mwaka 2013. `MSVCR100.dll` ni ya 2010. Maktaba hizo za zamani hazichukui nafasi ya mpya, wala mpya haichukui nafasi ya zile za zamani, na ndiyo maana kompyuta moja inaweza kuwa na kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu asizifute akidhani ni marudio.

Kuna alama nyingine ndogo ambayo picha zisizo wazi huificha. `VCRUNTIME140_1.dll`, yenye mstari wa chini na namba moja mwishoni, ni faili tofauti na `VCRUNTIME140.dll`. Hii yenye `_1` hupatikana kwa programu za biti 64 tu, na ikikosekana peke yake, mara nyingi maana yake ni kwamba maktaba ipo lakini ni ya toleo la zamani. Ndiyo sababu tunawaomba watu wabonyeze Alt na PrtSc, kisha wabandike picha hiyo, badala ya kupiga picha ya skrini kwa simu kwa upande, mahali ambapo mwanga wa dirisha la chumba unakula nusu ya jina. Mara nyingi pia inatosha kubonyeza Ctrl na C dirisha hilo likiwa mbele, kisha kubandika kwenye ujumbe: maandishi yote yananakiliwa, na hakuna wa kubahatisha.

Sasa turudi kwenye sentensi ya mwisho ya dirisha, inayoshauri programu iwekwe upya. Mimi huiweka mwisho kabisa. Ikiwa kifurushi cha programu hakikubeba maktaba hiyo mara ya kwanza, hakitaibeba mara ya pili, na baadhi ya programu ndogo za hesabu huhifadhi data ndani ya folda yao wenyewe, kiasi kwamba kuiondoa programu ni kuondoa orodha ya dawa za mwaka mzima.

Hatua ya kwanza haihitaji intaneti. Ulizeni programu iliwekwaje. Hapa kwetu ni kawaida mtu kunakili folda kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na wakati mwingine ananakili `Stock.exe` peke yake hadi kwenye Desktop. Programu nyingine hubeba faili zake za dll katika folda ileile, kwa hiyo ikitenganishwa nazo haifunguki. Fungueni folda ya asili na mjaribu kuianzisha kutoka humo. Angalieni pia orodha ya faili ambazo antivirusi imezitenga, maana huenda faili inayotafutwa imefungiwa huko.

Hatua ya pili ni kujua kama Windows ni ya biti 32 au 64. Fungueni diski `C:`. Mkiona folda mbili za programu, mojawapo ikiwa na `(x86)` mwishoni mwa jina, Windows hiyo ni ya biti 64. Dirisha la kosa lenyewe halisemi kama programu ni ya biti 32 au 64, na Windows ya biti 64 inaweza kuendesha aina zote mbili. Kwa sababu hiyo, kwenye Windows ya biti 64 tunaweka maktaba zote mbili, yaani ya x86 kwa programu za biti 32 na ya x64 kwa zile za biti 64, na kwenye Windows ya biti 32 tunaweka ya x86 pekee.

Hatua ya tatu ni kuweka maktaba yenyewe kutoka kwa mtengenezaji wake. Inatolewa bure na Microsoft katika anwani hizi:

```
https://aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x86.exe
https://aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe
```

Faili hizi si kubwa sana, hivyo zinaweza kupakuliwa kwa simu na kuhamishwa kwa flashi. Mkizipokea kutoka kwa mtu, bonyezeni faili kwa kitufe cha kulia, mfungue sifa zake, na katika sehemu ya saini za kidijitali mhakikishe jina la Microsoft Corporation limo. Zikishawekwa, anzisheni kompyuta upya hata kama haikuombwa.

Wakati mwingine kifurushi kinakataa na kutoa namba `0x80070666`. Hilo si kosa la kutisha: linamaanisha toleo jipya zaidi limo tayari. Hapo ndipo inakuja hatua ya nne, ambayo ni kwenda kwenye orodha ya programu zilizowekwa, kutafuta jina linaloanza na Microsoft Visual C++, na kuchagua kulirekebisha. Baada ya hapo tu, kama dirisha bado linatokea, nakilini data mahali salama, kisha muweke programu upya.

Lile duka la Kadutu halikufika huko moja kwa moja. Kabla ya kutuandikia, yule kijana alikuwa ametafuta jina la faili kwenye intaneti, akaingia katika tovuti mojawapo inayogawa faili za dll moja moja, akapakua `VCRUNTIME140.dll` na kuibandika ndani ya `System32`. Mama mwenye duka akatutumia picha ya pili, akieleza kwamba kosa «limebadilika kuwa baya zaidi». Dirisha jipya lilisema:

```
The application was unable to start
correctly (0xc000007b).
```

Kwangu picha hii ilikuwa na thamani kuliko ya kwanza. Namba `0xc000007b` hutokea mara nyingi pale ambapo programu ya biti 64 imekutana na dll ya biti 32, au kinyume chake. Faili imepatikana, lakini haisomeki kwa programu hiyo. Hapa pana mtego wa majina ambao umewapotosha hata mafundi: katika Windows ya biti 64, folda `System32` ndiyo yenye faili za biti 64, na `SysWOW64` ndiyo yenye za biti 32. Ni jina lililobaki kutoka zamani, na halina mantiki nyingine ya kukariri. Kwa kuwa kosa lilibadilika mara tu baada ya faili kuwekwa `System32`, nilijua mambo mawili bila kuigusa kompyuta: `Stock.exe` ni ya biti 64, na faili iliyopakuliwa ni ya biti 32.

Nilimwomba kijana afungue dirisha la amri na kuandika:

```
dir C:\Windows\System32\vcruntime140*.dll
```

`vcruntime140.dll` ilijitokeza bila `vcruntime140_1.dll`, nayo ilikuwa na tarehe tofauti na faili nyingine za folda hiyo. Tuliifuta hiyo, tukaweka x86 na x64, tukaanzisha upya. Alipoirudia amri ileile, zilionekana `vcruntime140.dll` na `vcruntime140_1.dll` pia, na programu ikafunguka ikiwa na orodha yote ya dawa. Kama tungeiacha ile faili ngeni mahali pake, tusingekuwa na njia nyepesi ya kujua kama kifurushi kimeibadilisha au kimeiacha. Tena faili iliyotoka kwenye tovuti kama hiyo haina uhakika wa kilichomo ndani.

Wenye Windows 7, ambazo bado ni nyingi katika maduka na shule, watakutana na jina refu zaidi, `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll`. Hiyo ni sehemu ya mfumo ambayo Windows 10 huja nayo, lakini Windows 7 inaihitaji kupitia sasisho la `KB2999226`, na sasisho hilo nalo linataka Service Pack 1 iwepo kwanza.

Ikitokea baada ya kurekebisha faili moja dirisha lingine linataja `MSVCP140.dll`, msivunjike moyo: iko katika kifurushi kilekile, na inaonyesha tu kwamba uwekaji haukukamilika au ulifanywa kwa aina moja ya biti. Lakini kama jina lililotajwa halianzi na VCRUNTIME, MSVCP, MSVCR wala `api-ms-win`, na linafanana na jina la programu yenyewe, maktaba za Microsoft hazitasaidia. Faili hiyo iliandikwa na aliyetengeneza programu, na ni kwake peke yake, au kwenye folda kamili aliyoitoa, ndiko inapopatikana.