Maji nusu ya kimo, ujazo thumuni

“Kikombe cha umbo la pia nimekijaza maji hadi katikati ya kimo chake. Si kina nusu?”

Hapana, kina thumuni tu, yaani 1/8.

Chukua kikombe cha karatasi chenye ncha chini, kimo sm 12 na nusukipenyo cha mdomo sm 4. Ujazo wa pia ni theluthi ya eneo la duara mara kimo, kwa hiyo kikombe kizima kinabeba kama mililita 201. Maji yakifika sm 6, uso wake hauna tena nusukipenyo cha sm 4, bali sm 2, kwa sababu kuta zinabanana kuelekea chini. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanapunguza kimo na kusahau upana. Duara la sm 2 ni robo ya lile la mdomoni, na robo hiyo ukiizidisha kwa nusu ya kimo unapata thumuni, karibu mililita 25.

Usiponiamini, jaza hadi sm 6 na umimine kwenye kikombe kingine cha aina hiyohiyo. Utarudia mara nane ndipo kijae.

Nusu ya kweli iko karibu sm 9.5, yaani sm 2.5 tu chini ya ukingo. Lakini kikombe chenye kitako bapa, kama cha chai, hakifuati hesabu hii; chenyewe hakina ncha.