Chuma kizito na chuma chepesi: msuli hukua kwa kipi?

Kwenye jimu ndogo za mitaani Kisumu, ambako baadhi ya vyuma ni bomba lenye makopo ya saruji ncha zote mbili, utasikia mtu akilalamika kwamba uzani umemwishia, hivyo na kifua kimegoma kukua.

Dhana: Bila chuma kizito, nyuzi kubwa za msuli haziguswi.

Ukweli: Kila neva ya mwendo itokayo kwenye uti wa mgongo huendesha fungu lake la nyuzi. Mafungu madogo, yasiyochoka upesi, huitwa kwanza; makubwa, yenye nguvu lakini yachokayo haraka, huitwa nguvu zaidi inapohitajika. Mpangilio huu ulielezwa na mwanafiziolojia Elwood Henneman miaka ya 1950 na 1960.

Chukua mtu ambaye, akilala kwenye benchi, kilo 80 huzisukuma mara moja tu. Akipakia kilo 65, karibu mafungu yote huitwa tangu msukumo wa kwanza, naye huishiwa kwenye wa saba au wa nane. Akipakia kilo 25, mwanzoni yale makubwa hukaa tu. Madogo yakichoka, nguvu yao hupungua ilhali kilo ni zilezile 25, kwa hiyo makubwa nayo huitwa yajazie pengo. Akifika msukumo wa 30 na kitu, chuma kinapanda polepole ingawa anasukuma kwa nguvu zake zote, na hapo nyuzi kubwa ziko kazini. Ndiyo maana tafiti zilizolinganisha asilimia 30 na asilimia 80 ya uwezo wa juu, seti zikifanywa hadi kushindwa, zimekuta misuli ikikua karibu sawa.

Dhana: Basi kilo 25 mara 15 zinatosha, mradi kifua kiwake moto.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotezea jasho lao. Kuungua huja mapema sana kwa chuma chepesi, na anayeacha hapo ameacha kabla mafungu makubwa hayajafanya kazi ya maana. Usiulize maumivu, tazama mwendo: kama msukumo wa 15 ulipanda kasi ileile ya wa tano, bado uko mbali. Kwa kilo 65 mambo ni tofauti. Ukiacha misukumo miwili kabla ya kushindwa hupotezi mengi, maana nyuzi kubwa zilikuwa kazini tangu mwanzo. (Binafsi ningechagua hizo 65 kama zipo, seti ya misukumo 35 inachosha roho kabla ya msuli.)

Wala usishuke mno. Chini ya asilimia 20 hivi, kwa huyu wetu kilo 16, ukuaji hupungua hata ukijikamua hadi mwisho.

Dhana: Misuli ikikua sawa, nguvu pia ni sawa.

Ukweli: La. Kusukuma uzani wa juu kabisa ni ujuzi unaojengwa kwa kusukuma vyuma vizito. Wa makopo ya saruji anaweza kulingana kifua na mwenzake wa kilo 65, lakini siku ya kupimana kwa msukumo mmoja mzito, mwenzake huyo kwa kawaida atamshinda.