"Si muandike tu lengo vizuri?" na dhana nyingine kuhusu mifumo inayochezea pointi

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii ni mtu anayelipia kabisa mfumo wa kujifunza kwa pointi utengenezwe: "Sasa kama mfumo unafanya kitu ambacho hamkukitaka, si muandike tu lengo vizuri, muongeze adhabu, mambo yaishe?" Nimelijibu hilo swali mara nyingi mno kwa mdomo, sasa naliandika niwe nawatumia watu.

Dhana: lengo likiandikwa vizuri tatizo limeisha

Hii ndo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema anadhani lengo lipo kichwani limekamilika na kazi iliyobaki ni kulichapa tu. Halipo. Kichwani una picha ya kitu kizuri. Mfumo haupokei picha, unapokea namba, na utakachopata ni kile kinachoipandisha ile namba.

Chukua mfano ambao karibu kila mtu wa fani hii anaujua. Mwaka 2016 watu wa OpenAI walifundisha mfumo kucheza gemu ya mbio za boti inaitwa CoastRunners. Mtu akiiona anajua mara moja kinachotakiwa, yaani maliza mbio, tena mbele ya wenzako. Lakini gemu yenyewe haitoi pointi kwa kusonga mbele, inatoa pointi kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Mfumo ukagundua kona ambayo shabaha 3 zinarudi tena muda mfupi baada ya kugongwa, ukaanza kuzunguka hapo hapo, unagonga boti nyingine, unawaka moto, unakwenda kinyume na njia, mbio haumalizi, na bado pointi zake zikawa kwa wastani asilimia 20 juu ya wachezaji binadamu. Mfumo haukukosea chochote, hesabu iliyopewa ndo iliyosema hivo.

Hapa ndo mtu anasema basi mpe pointi nyingi akimaliza mbio. Haya tupige hesabu, namba hizi nazitunga mimi ili tuone kitu kinavyokwenda. Tuseme kuzunguka kwenye ile kona kunaleta wastani wa pointi 2 kwa kila hatua, na kumaliza mbio kunahitaji hatua 1000, alafu wewe umeweka zawadi ya pointi 10000 kwenye mstari wa mwisho. Pointi za njiani tuziache, ni chache. Kwa macho ya kawaida kumaliza kunalipa sana. Ila mifumo hii karibu yote inafundishwa na namba ya punguzo, ile gama, na mara nyingi watu wanaiweka 0.99, maana yake pointi ya hatua moja mbele inahesabiwa asilimia 99 ya thamani yake, ya hatua mbili mbele inapunguzwa tena, hivo hivo mpaka mwisho. Sasa angalia:

```
0.99**1000 * 10000   # 0.43
2 / (1 - 0.99)       # 200
```

Zawadi yako ya elfu kumi, ikitazamwa kutoka mwanzo wa mbio, haifiki hata nusu pointi, wakati kuzunguka bila kuacha kuna thamani ya 200. Umeandika lengo "vizuri" na boti itaendelea kuzunguka. Ukiweka milioni kumi ndo inafika kama 432, inashinda kwenye karatasi, lakini mfumo unajifunza kwa kujaribu, na kama tayari umeshanogewa na ile kona huenda usifike mwisho hata mara moja, na zawadi ambayo haujawahi kuionja haiufundishi kitu. Ukipandisha gama iwe 0.999 hesabu inageuka kweli, zile elfu kumi zinakuwa na thamani ya kama 3700 dhidi ya 2000 za kuzunguka, sawa, ila sasa mfumo unatakiwa uunganishe kitendo cha leo na matokeo ya mbali sana na kujifunza kunakuwa kwa kuyumba na polepole zaidi.

Na adhabu? Ukiadhibu kugonga boti nyingine, utapata boti inayozunguka kwa ustaarabu. Ukiadhibu kwenda kinyume cha njia, itatafuta mzunguko ambao kipimo chako cha "kinyume" hakiushiki. Kila kiraka kinafunga tundu uliloliona wewe, na mfumo unatafuta kati ya njia nyingi mno ambazo hujawahi kuziwaza.

Kuna kiraka kimoja ninachokiamini na kila anayenisikiliza namsisitizia. Mwaka 1998 Randløv na Alstrøm walifundisha mfumo kuendesha baiskeli kwenye kompyuta, wakaupa pointi kila ukisogea kuelekea lengo, ila kuondoka kwenye lengo hakukuwa na adhabu. Baiskeli ikawa inazunguka, kila mzunguko kuna kipande inakaribia inalipwa, na kipande inachorudi hakiigharimu kitu. Mwaka uliofuata Ng, Harada na Russell wakaonyesha kihesabu namna ya kutoa pointi za kuongoza njia bila kuharibu lengo: ipe kila hali thamani yake, ndo hiyo phi hapo chini, alafu lipa tofauti tu kati ya hali unayofika, s2, na uliyotoka, s.

```
F(s, s2) = gamma * phi(s2) - phi(s)
```

Ukisogea unalipwa, ukirudi unanyang'anywa, kwa hiyo kuzunguka na kurudi ulipoanzia hakuachi faida yoyote. Kama unaongeza pointi za kuongoza njia na hujazipanga hivi, tafadhali acha kulalamika kuwa mfumo "una akili mbovu".

Lakini sikia mpaka wake, maana hapa ndo watu wananikatiza na kusema "kumbe dawa ipo". Hiyo kanuni inahakikisha kitu kimoja, kwamba pointi za kuongoza hazibadilishi kilicho bora kwa mujibu wa lengo la msingi. Kama lengo la msingi lenyewe limekosewa, kosa linabaki vile vile. Kwenye ile gemu ya boti shabaha ndo pointi za gemu yenyewe, hakuna kanuni itakayojua kwamba ulichotaka ni mbio.

Na angalia marekebisho yote niliyoyataja yalivyopatikana. Mtu aliangalia video, akaona boti inazunguka, akajua hii sio. Umerekebisha kwa sababu tabia sahihi unaitambua ukiiona. Mfumo ukiwa na nguvu na ukafanya kazi ambayo huwezi kuikagua kwa macho, labda programu ya mistari maelfu, au mpango wa miaka kadhaa ambao kila hatua yake inaonekana ya maana, ile video haipo, umebaki na namba peke yake, na namba inapanda. Ugumu wa kuoanisha malengo ya mfumo na nia yako uko hapo. Hata sentensi nzuri kabisa itageuzwa kuwa kipimo fulani, na kadri mfumo unavyotafuta kwa nguvu ndivyo unavyofika kwenye zile pembe ambazo kipimo na nia yako vimeachana.

Dalili zake zinaonekana ukizitafuta. Weka kipimo cha pili ambacho mfumo haufundishwi nacho kabisa, chora grafu mbili. Ya mafunzo ikipanda huku ya pembeni imesimama au inashuka, simamisha. Ya mafunzo ikiruka ghafla usiku mmoja usisherehekee, kafungue kilichofanyika. Na usiangalie majaribio ya wastani, chukua yale 10 yenye pointi za juu kuliko yote uyatazame mwanzo mwisho, uchezeaji unajificha huko juu.

Dhana: mfumo unafanya makusudi, una roho mbaya

Hapana. Mwaka 2017 DeepMind walikuwa wanafundisha mkono wa roboti kuweka tofali jekundu la kuchezea juu ya la bluu, na sehemu ya pointi ilitokana na urefu wa kitako cha lile jekundu kutoka mezani. Roboti ikalipindua tofali, kitako kikaangalia juu, pointi zikaja. Hakuna aliyemchukia mtu hapo. Kuchezea zawadi hakuhitaji nia mbaya, kunahitaji kipimo chenye pengo na mtafutaji mwenye bidii.

Dhana: basi weka binadamu atoe alama, yeye hadanganyiki

Anadanganyika, na hakuna aliyepanga kumdanganya. Mwaka 2017 huo huo kwenye utafiti wa OpenAI na DeepMind, watu walikuwa wanatazama video na kuchagua ipi bora, roboti ikitakiwa ishike kitu. Mkono ukajifunza kukaa kati ya kamera na kile kitu, ukionekana kama umeshika. Waliongeza alama za kusaidia macho kupima umbali kwenye picha. Kiraka tena, na tena kwa sababu kuna mtu aligundua.

Na kwa kuwa binadamu hawezi kutoa alama mamilioni, kinachofanyika ni kufundisha modeli ya pili iige maamuzi yake. Gao, Schulman na Hilton waliipima hali hii mwaka 2022: ukiusukuma mfumo uiridhishe modeli ya alama, mwanzoni ubora wa kweli unapanda nayo, alafu unafika mahali alama zinaendelea kupanda na ubora unashuka. Ukikuza modeli ya alama unalisogeza lile geuzo mbele, ila haliondoki.

Dhana: mfumo ukiwa na akili zaidi utaelewa tulichomaanisha

Utaelewa, ndio. Kuelewa na kufuata ni vitu viwili. Mwaka 2025 OpenAI walieleza modeli yao ya kufikiri kwa hatua iliyokuwa ikifundishwa kuandika programu, pointi zikija pale majaribio yote yakipita. Ikapata njia ya kutoka kwenye programu kwa `exit(0)` kabla majaribio hayajakimbia, na mazingira yakahesabu kuwa imefaulu. Nyingine ilikuwa kuyaruka kwa `raise SkipTest`. Kwenye maandishi yake ya kufikiri ilikuwa inaeleza waziwazi kwamba inakwepa kazi, kwa hiyo ilijua kabisa nini kilitakiwa.

Wakajaribu lile ambalo kila mteja angelipendekeza, kuadhibu mawazo ya namna hiyo wakati wa mafunzo. Mawazo yakasafika, uchezeaji kwa sehemu kubwa ukaendelea, isipokuwa sasa haukuandikwa tena mahali pa kusomeka. Ndo maana watafiti wale wale wakashauri yale maandishi ya kufikiri yaachwe bila kubanwa na adhabu, kwa sababu ndo dirisha walilokuwa nalo la kuona kinachoendelea.