Jiko la rahisi na jiko la bei nafuu si jiko moja

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya bidhaa. Wenye maduka wa hapa Lamu hunipigia simu au hunitumia picha, nami nawaandikia mistari mitano au sita ya kuweka kwenye simu zao na kwenye karatasi za dukani. Neno linalonisumbua kuliko yote ni lile la kumwambia mteja kwamba kitu hakigharimu pesa nyingi. Leo nitalieleza kwa kesi moja ya majiko ya makaa, maana ndani yake zimo maana zote tatu ambazo watu huzichanganya: bei ndogo, ubora mdogo, na kitu kisichokula pesa baada ya kukinunua.

Ami mmoja mwenye duka upande wa Langoni alikuwa na majiko ya aina mbili. La kwanza ni la bati tupu, shilingi 350. La pili lina kiuno chembamba katikati, na ndani kwa juu limewekwa kigae cha udongo uliochomwa, shilingi 900. Alikuwa ameandika tangazo moja kwa yote mawili: "Majiko rahisi, mazuri, karibuni." Mteja wa kwanza aliuliza, "Rahisi kuwasha au rahisi bei?" Wa pili, mama mtu mzima kutoka Mkomani, hakuuliza. Alisema tu, "Mwanangu, mimi la rahisi silitaki, nataka la kudumu." Na yeye ndiye aliyehitaji lile la 900.

Kati ya wateja hao wawili hakuna aliyekosea kusoma. Rahisi limetoka kwenye Kiarabu, na huko lilikuja likiwa na maana ya bei ndogo. Wazee wetu bado hulitamka rakhisi. Kiswahili kikaliongezea maana ya kitu kisicho na ugumu, na leo maana hiyo ndiyo kubwa. Kwa hiyo ukiandika "jiko rahisi" umeuliza kitendawili. Ukiandika "jiko la rahisi" umekitegua, lakini kwa ubaya. Kile kiungo "la" kinalipanga jiko kwenye kundi lake, kundi la vitu vya rahisi, na kila mwenye kusikia anajua kundi hilo lina vitu gani. Ukiandika "jiko la bei rahisi" umerudisha heshima kidogo, kwa sababu sasa sifa imekaa kwenye bei, si kwenye jiko. Wapo walimu watakaokukosoa, waseme kitu ndicho huwa rahisi au ghali, na bei huwa ndogo au kubwa, chini au juu. Hoja yao naiheshimu. Lakini wanunuzi husema bei rahisi kila siku, na tangazo huandikwa kwa masikio yao.

Basi nikiandika, swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: neno hili linakaa kwenye bei au kwenye kitu? Nafuu hukaa kwenye bei. Huwezi kusema "jiko nafuu" bila msikilizaji kungoja umalizie. Hafifu na duni hukaa kwenye kitu. Hakuna mtu anayesema bei hafifu akimaanisha sifa. Rahisi ndilo linalotembea huku na huku, ndiyo maana mimi silitumii mpaka niwe nimelifungia kwenye bei.

Nafuu lenyewe linahitaji uangalifu. Ni ndugu wa neno manufaa, na sote tunalijua kutoka kwenye ugonjwa: mgonjwa amepata nafuu. Hakupona, ila maumivu yamepungua. Maana hiyo haiachi neno linapoingia dukani. Bei nafuu ni bei inayompunguzia mnunuzi mzigo, kwa hiyo inamtazama mnunuzi na mfuko wake, na inataka kitu cha kulinganishwa nacho. Nafuu kuliko nini? Ami alitaka niandike "bei nafuu" kwa jiko la 350 kwa kuwa ndilo dogo kwa bei. Nilimwuliza maduka mengine yanauza bati tupu kwa shilingi ngapi. Akasema 350. Hapo nafuu haipo. Ipo bei ya kawaida, na kuiita nafuu ni kumwambia mteja kwamba mahali pengine angelipa zaidi. Hili si suala la lugha pekee. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya, ya mwaka 2012, inahesabu kuwa ni kauli ya uongo kumwambia mtu kuna faida fulani ya bei ilhali haipo.

Sasa lile jiko la 900. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya jingine, kwa hiyo huwezi kuliita la bei ndogo bila kujidharau. Lakini mwishowe ndilo linalomgharimu mtu pesa chache kuliko jingine. Hii ni maana nyingine kabisa, ya kitu ambacho hakili pesa baada ya kukinunua, na Kiswahili hakina neno moja la kuikamata. Nimeona matangazo yakisema "jiko la kiuchumi". Msomaji wa kawaida akisikia uchumi anafikiria mambo ya nchi na benki. Watu wenyewe husema "halili makaa", kama wanavyosema pikipiki haili mafuta. Hiyo ndiyo lugha ya kuandikia. Ila "halili makaa" peke yake ni majigambo, kwa sababu kila jiko linakula. Lazima useme linakula kiasi gani.

Tukapima nyumbani kwa ami, nyumba ya watu sita wanaopika chai asubuhi, wali na mchuzi mchana, na chapati au mkate usiku. Kwa bati tupu walikuwa wakimaliza makopo matatu ya makaa kwa siku. Kwa jiko la kigae, mpishi yule yule na sufuria zile zile, makopo mawili. Kigae kinazuia joto lisipotelee ubavuni, na makaa yakishashika yanakaa muda mrefu bila kuongezwa. Kopo walikuwa wakilinunua kwa shilingi 60. Kwa hiyo kila siku linabaki kopo moja, shilingi 60. Tofauti ya bei ya majiko mawili ni shilingi 550. Siku tisa zinarudisha 540, na siku ya kumi jiko limeshajilipia ile ziada, kisha linaanza kuleta faida.

Hesabu hii ina mipaka yake, na mipaka lazima iandikwe. Mtu anayechemsha chai tu mara moja kwa siku haokoi kopo zima. Kigae huchukua muda kupata moto, kwa hiyo kwa mapishi ya dakika kumi huenda asione tofauti. Na akiweka makaa kupita ukingo wa kigae, anapoteza kile alichokinunulia.

Nikaandika hivi: "Jiko la kigae, shilingi 900. Halili makaa: nyumba ya watu sita iliyokuwa ikitumia makopo matatu kwa siku sasa inatumia mawili. Linafaa wanaopika kila siku. Usilizime kwa maji, kigae kitapasuka."

Neno bei nafuu halimo, wala halikuhitajika.

La bati nililiandikia: "Jiko la bati, shilingi 350. Jepesi, hushika moto upesi. Linafaa kuchomea samaki na safari za mashua. Kwa mapishi ya kila siku hula makaa mengi, na hewa ya bahari hulitia kutu, basi liweke pakavu." Ami alishtuka. "Mbona unaliharibia jina?" Nilimweleza kwamba sikuliharibia, nimelipa kazi yake. Mtu wa mashua anayetaka jiko la kubeba sasa anajua ni lake. Na mama wa Mkomani hatalinunua kwa kukosea, akarudi nalo baada ya miezi miwili akiwa na hasira.

Nilichagua "jepesi" kwa makusudi. Hafifu nalo ni neno la Kiarabu, na asili yake ni wepesi tu, wala halikuwa tusi. Kwetu limeteremka. Ukisema bati hafifu umesema bati baya, hata kama ulichotaka ni kusifu wepesi wake. Kosa hili naliona sana kwa wauza nguo: wanaandika "baibui la kitambaa hafifu" wakidhani wanasifu kitambaa cha joto la Machi, na msomaji anaona nguo itakayochanika. Duni ni zito zaidi, kwa sababu linapanga daraja. Kitu duni kiko chini ya vingine, na ukishaliandika halina marekebisho.

Wateja ndio wenye haki ya maneno haya mawili, nao huyatumia. Baada ya wiki tatu alikuja mtu na jiko la kigae, akasema, "Hili jiko lenu hafifu." Neno kama hilo ukilipokea lilivyo, huna la kufanya nalo. Ami alitaka kujibu kwamba jiko lake si hafifu. Nikamwomba amwulize mteja: sehemu gani? Kumbe kigae kilikuwa kinacheza ndani ya bati. Fundi alikigandisha vibaya, saruji ilikuwa kidogo. Tulitoa yaliyobaki dukani tukayagonga moja baada ya jingine kwa kidole. Kigae kizima hutoa mlio wa wazi, kama kikombe kizuri. Chenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha ukilishika jiko ukalitikisa, usisikie kitu kikigonga. Kati ya majiko kumi na moja, mawili yalikuwa na ufa na moja kigae kikicheza. Yalirudi kwa fundi.

Ipo sehemu moja ambapo hata neno jema la bei hulitoi. Watu hununua majiko na sufuria za vyombo vya bi harusi. Hapo ukiandika "bei nafuu" umemwambia mama wa bi harusi kwamba amechagua cha kupunguza gharama kwa binti yake, na majirani watasoma. Kwa seti za harusi naandika bei kwa tarakimu, chini kabisa, bila sifa yoyote juu yake. Mistari iliyobaki naijaza kwa unene wa sufuria, idadi ya vipande na kama mifuniko imo.

Majiko yale matatu yaliporudi kutoka kwa fundi, ami aliniuliza tuyaandikeje. Aliyapunguza hadi 700, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, kwa sababu lile lile zima lilikuwa pembeni kwa 900. Tukaandika: "Bei nafuu, shilingi 700: kigae kimerekebishwa, gonga mwenyewe kabla ya kununua." Mawili yalikwenda Shela siku ile ile. La tatu alilichukua yule mama wa Mkomani, baada ya kuligonga mara nne.